Namshtaki nani?

Ilikuwa Jumapili jioni, tumeshakula, sahani bado ziko mezani. Baba mdogo akaingia chumbani kwake, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na fomu ya benki na karatasi ya daftari aliyoijaza hesabu kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka kama ya ubaoni. Amefundisha hisabati miaka 35. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimeingia benki, naye alitaka kukiweka kwenye hatifungani za serikali za miaka 25, yaani kuikopesha serikali kwa riba.

"Mwanangu, wewe ndiye mhasibu wetu. Hebu niangalizie kama nimekosea mahali."

Hakuwa amekosea. Kuponi, ile riba ya kila miezi sita, ameipiga sawa, hata siku za malipo ameziandika. Nikamrudishia karatasi.

Akaikunja taratibu, kisha akauliza: "Na serikali ikishindwa kunilipa, namshtaki nani?"

Nikamjibu upesi, kwa sauti ya mtu anayejua: "Baba mdogo, serikali haifilisiki. Zinazofilisika ni kampuni."

Akatikisa kichwa, akairudisha karatasi kwenye bahasha. Kwa jinsi alivyoifunga, polepole na bila neno, niliona jibu langu halikumtosha.

Hata mimi halikunitosha. Nimekaa nalo wiki kadhaa.

## Nchi haipigwi mnada

Nilichomwambia kilikuwa kweli nusu. Kampuni ikishindwa kulipa, mahakama inateua mfilisi, mali zinauzwa, wadai wanapanga foleni na kugawana kilichopatikana. Nchi haina mfilisi. Hakuna mahakama duniani inayoweza kuuza Ziwa Victoria ili wenye hatifungani wapate chao.

Kwa hiyo serikali inaposhindwa kulipa, tukio lenyewe huwa dogo hata kulitazama. Siku ya kuponi inafika, fedha haziingii. Mikataba mingi ya nje inatoa siku 30 za kungoja. Nazo zikipita bila malipo, basi. Majirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma, Zambia, walifika hapo Novemba 2020 kwa kuponi ya dola milioni 42.5. Kwa nchi nzima hicho si kiasi kikubwa. Lakini wangemlipa mdai huyo huku wakiwaomba wengine wavumilie, wengine wote wangekuja juu.

Anayedai kutoka nje ana kitu cha kushika, au angalau cha kujaribu kushika. Oktoba 2012 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, Libertad, ilitia nanga Tema, bandari ya Ghana. Mfuko mmoja wa uwekezaji, NML Capital, ulikuwa umenunua hatifungani za Argentina zilizoshindikana kulipwa tangu 2001, ukakataa punguzo ambalo wadai wengi walilikubali. Ukaenda mahakama ya Ghana, na meli ikazuiwa. Ilikaa bandarini hadi Desemba, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilipoamuru iachiwe. Lakini mfuko haukuchoka, na mwaka 2016 Argentina ikakubali kuulipa.

Baba mdogo hana meli ya kuzuia. Hatifungani yake ni ya shilingi, chini ya sheria ya Tanzania, na sheria zetu, kama za nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kiingereza, hazimruhusu dalali wa mahakama kukamata mali ya serikali. Anaweza kushtaki, tena anaweza kushinda. Baada ya hapo atasubiri kulipwa na yule yule aliyeshindwa kumlipa.

Hapo ndipo swali lake lilipoanza kunikosesha usingizi, na ndipo nilipoanza kusoma habari za Ghana. Si za meli tena. Za wastaafu.

## "Hakuna atakayenyolewa"

Watu wa fedha wana neno lao kwa mdai anayelazimishwa kupokea pungufu ya alichokopesha. Wanasema amenyolewa. Sisi tuna methali yetu ya mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na sijaisoma habari ya Ghana hata mara moja bila kuikumbuka.

Mwaka 2022 Ghana ilikuwa imekwama. Masoko ya nje yalishafunga mlango: hakuna aliyekuwa tayari kuikopesha dola kwa riba inayobebeka. Serikali ikajaribu tozo ya miamala ya simu, asilimia 1.5, kuanzia Mei. (Sisi tulioonja tozo ya 2021 hatuhitaji kuelezwa wananchi waliipokeaje.) Haikutosha. Julai wakatangaza kwamba wanakwenda Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, baada ya kusema kwa muda mrefu kwamba hawaendi.

IMF haikopeshi nchi ambayo deni lake, kwa hesabu zake, halibebeki, mpaka kuwe na mpango wa kulipunguza. Hiyo ina maana kwamba mtu lazima anyolewe. Oktoba 30, Rais Akufo-Addo akalihutubia taifa, akawahakikishia wenye hatifungani kwamba hakuna atakayenyolewa.

Wiki tano baadaye, Desemba 5, Waziri wa Fedha Ken Ofori-Atta akazindua mpango wa kubadilisha hatifungani za ndani. Katika maelezo yake alisema kuhudumia deni kunakula zaidi ya nusu ya mapato yote ya serikali, na karibu asilimia 70 ya kodi. Desemba 19 wakasimamisha malipo ya hatifungani za dola, mikopo ya kibiashara ya nje, na sehemu kubwa ya madeni kwa serikali nyingine.

Nilirudi kwenye hizo tarehe mbili mara kadhaa. Wa ndani walifikiwa kwanza. Kuna sababu za kiufundi, kwani IMF ilitaka hatua zionekane mapema na mazungumzo ya nje huchukua muda. Lakini sababu kubwa ni kwamba wa ndani wanafikika. Hatifungani zao ziko chini ya sheria ya nyumbani, na benki zao zina leseni ya nyumbani.

## Laki moja ya sedi

Nilichukua daftari nikafanya kama angefanya baba mdogo. Tuseme mtu ana hatifungani ya 100,000 kwa sedi, fedha ya Ghana, inayolipa asilimia 20 kwa mwaka. Kila miezi sita anapokea 10,000, na mwishoni anarudishiwa laki yake.

Ofa ya kwanza ya Desemba ilisema hivi: leta karatasi yako, tukupe nyingine mpya nne, zinazoiva 2027, 2029, 2032 na 2037. Riba yake ni sifuri mwaka 2023, asilimia 5 mwaka 2024, na asilimia 10 kuanzia 2025. Mtaji wako haukatwi.

Wizara iliushikilia sana huo mstari wa mwisho, na kwa maandishi ulikuwa kweli. Laki ilibaki laki.

Sasa chukua sehemu ya 2037 peke yake, kana kwamba laki yote imeingia huko. Mwaka wa kwanza hupati kitu. Mwaka wa pili 5,000. Halafu 10,000 kila mwaka mpaka upate mtaji wako baada ya miaka 15. Nikauliza swali ambalo kila mhasibu huuliza: fedha hizo zote, zikipimwa kwa thamani ya leo kwa riba ile ile ya asilimia 20 aliyokuwa akiipata, ni kiasi gani?

Takriban 41,000.

Ile laki ya mwisho, inayorudi 2037 bila kukatwa hata senti, thamani yake leo ni kama 6,500 tu, kwani 6,500 ikizaa asilimia 20 kila mwaka hufika laki kwa miaka 15. Na hapo nimekuwa mpole, kwa sababu dhamana za muda mfupi za serikali hiyo hiyo wakati huo zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 30.

Hivi ndivyo mtu anavyonyolewa bila kuona wembe. Muda unavutwa, riba inashushwa, na namba kubwa iliyoandikwa juu ya karatasi inaachwa kama ilivyo. Nikikutana na kauli kwamba mtaji haukuguswa, naangalia kwanza tarehe ya kuiva, kisha kuponi.

Nilifunga daftari. Nilikuwa namwona baba mdogo na ile kalamu yake ya wino.

## Langoni kwa wizara

Mwanzoni serikali ilisema watu binafsi hawahusiki. Waliolengwa ni benki, kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Vyama vya wafanyakazi vikatishia mgomo wa nchi nzima kuanzia Desemba 27. Siku chache kabla ya hapo serikali ikarudi nyuma: mifuko ya pensheni ikatolewa kwenye mpango.

Lakini shimo lilihitaji kuzibwa. Mkesha wa Krismasi, masharti yakabadilishwa na watu binafsi wakaingizwa.

Hapo nilisimama muda mrefu. Mfanyakazi mwenye chama alikuwa na mgomo mkononi. Mstaafu aliyekwishachukua kiinua mgongo na kununua hatifungani kwa jina lake mwenyewe hakuwa mwanachama wa kitu chochote. Fedha ni ile ile ya uzeeni. Ikiwa ndani ya mfuko ilikuwa salama, ikiwa mkononi mwa mwenyewe iliguswa.

Siku ya mwisho ya kujaza fomu ikaahirishwa mara kadhaa. Ofa ikaboreshwa: Januari mwishoni watu wa miaka 59 na zaidi wakaahidiwa karatasi mpya za riba ya asilimia 15. Na kwa maneno mpango ulikuwa wa hiari. Ila ulijua kwamba ukibaki na karatasi ya zamani, hakuna atakayekuhakikishia kuwa italipwa kwa wakati, wala kwamba utampata wa kuinunua sokoni.

Februari 2023 wastaafu wakaenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra, siku baada ya siku, na mabango yao. Februari 10 akaungana nao Sophia Akuffo, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Ghana hadi 2019.

Nilimfikiria mwanamke huyo kwa siku kadhaa. Mtu aliyekalia kiti cha juu kabisa cha sheria katika nchi yake, akiwa na dai halali dhidi ya serikali yake, njia aliyoiona inafaa ilikuwa kwenda kusimama na wenzake langoni.

Hilo ndilo jibu la swali la baba mdogo, na sikulipenda.

Baada ya siku chache serikali ikakubali: mstaafu asiyetaka kubadilisha hatalazimishwa. Mpango ukakamilika Februari 21, ukiwa umechukua takriban asilimia 85 ya hatifungani zilizolengwa. Waliobaki na karatasi za zamani waliendelea kulalamikia malipo yaliyochelewa.

## Nilipogundua nimemtazama mtu mmoja tu

Kufikia hapa nilikuwa na makala tayari kichwani. Serikali inakopa, inashindwa, wastaafu wanaumia. Ningeweza kuiandika na wengi mngekubaliana nami.

Kilichonizuia ni namba moja: 54.1.

Hiyo ni asilimia ya mfumuko wa bei nchini Ghana Desemba 2022. Kikapu kilichonunuliwa kwa sedi 100 Desemba ya mwaka uliotangulia, sasa kilihitaji 154. Aliyekuwa na sedi 100 chini ya godoro alibaki na nguvu ya kununua ya kama sedi 65. Hakuna aliyemletea fomu, na hakuna lango alilokwenda kukaa.

Mama muuza nyanya wa Accra hakuwahi kumiliki hatifungani. Alikuwa na sedi tu. Naye alinyolewa kabla ya wote, mwaka mzima, huku wenye hatifungani bado wanaahidiwa kwamba hawataguswa.

Kilichotokea kinafahamika. Waliokuwa wakiikopesha serikali walipoondoka, Benki Kuu ya Ghana ndiyo iliyoziba pengo. Sedi zikaongezeka na dola zikapungua, na sedi ikaporomoka. Nchi inayonunua mafuta ya petroli na mchele nje huuona mporomoko huo kwenye nauli na kwenye sufuria ndani ya wiki chache. Na Benki Kuu yenyewe ilipofika zamu yake ilinyolewa nusu ya ilichokuwa ikiidai serikali, ikafunga 2022 na hasara ya sedi bilioni 60.8.

Kwa hiyo nilianza kuiona Desemba 19 kwa namna nyingine. Tulizoea kuihesabu siku hiyo kama mwanzo wa maumivu, lakini ilikuwa siku serikali ilipokiri kwa wakopeshaji jambo ambalo sokoni lilijulikana tangu katikati ya mwaka.

Maumivu mengine yalikuja baada yake, tena kwa watu ambao hawakutajwa katika tangazo lolote. Miradi iliyokuwa ikijengwa kwa mikopo ya nje ilisimama, kwa sababu mdai ambaye halipwi hatoi awamu inayofuata. Kumasi, ujenzi wa awamu ya pili ya soko la Kejetia ukakwama, na wafanyabiashara waliokuwa wamehamishwa kupisha ujenzi wakabaki huko walikohamishiwa.

## Wadai wa nje, na shaka yangu

Kuna msomaji atakayeniuliza: na hao wa nje walisalimika? Hapana, na ni lazima niseme hivyo, kwa sababu hasira yangu ya mwanzo ilitaka wasalimike ili habari iwe rahisi.

Oktoba 2024 wenye hatifungani za dola, deni la kama dola bilioni 13, walifikia makubaliano: wengi wao walikubali kupoteza asilimia 37 ya mtaji wao, huku waliobaki wakichagua kulipwa mtaji wote kwa muda mrefu zaidi. Walisubiri karibu miaka miwili bila kuponi. Serikali zilizoikopesha Ghana, kamati yao ikiongozwa na Ufaransa na China, nazo zilikubali kuahirisha malipo.

Tofauti ninayoiona haiko kwenye asilimia. Wa nje walikuwa na kamati, mawakili na washauri wa fedha. Hakuna aliyebadilishiwa masharti mkesha wa Krismasi. Na mfuko unaopoteza asilimia 37 kwenye hatifungani za Ghana una hatifungani za nchi nyingine 20. Mwalimu mstaafu ana hiyo moja.

Na bado sijui kama kutoshindwa kulipa kungekuwa nafuu. Kenya ilikuwa na hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni 2024. Wengi waliogopa itashindwa. Haikushindwa: Februari ilikopa upya dola bilioni 1.5, kwa kuponi ya asilimia 9.75, ikaanza kuinunua ile ya zamani. Wakopeshaji walilipwa kwa wakati. Mwezi ule ule wa Juni vijana walikuwa barabarani Nairobi wakipinga Muswada wa Fedha uliopandisha kodi, na wengine hawakurudi nyumbani. Deni kubwa likishakuwepo, kulilipa kunaumiza na kutolilipa kunaumiza. Kinachobaki kuamuliwa ni nani aumie, na uamuzi huo hufanywa na watu, ndani ya ofisi zenye majina.

## Simu ya Jumamosi

Nilimpigia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea jibu?"

Nikamwambia sikumjibu vizuri siku ile. Nikamweleza habari za Accra, zile karatasi nne, wazee langoni, na Jaji Mkuu mstaafu. Nikamwambia Tanzania ya leo si Ghana ya 2022, sioni dalili zile: hatujafungiwa masoko, wala mfumuko wetu wa bei hauko karibu na kule. Lakini miaka 25 ni mirefu, na mimi siwezi kumuapia kitu kuhusu serikali itakayokuwepo mwaka wa 20.

Alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

"Hiyo sifuri ya mwaka wa kwanza," akasema. "Wale wazee walikula nini?"

Sikuwa na jibu.

Tukaongea tena habari za mvua na ada ya mdogo wangu, akaaga. Jumatano akanitumia picha ya fomu kwenye simu. Ile 25 ameikata kwa mstari mmoja ulionyooka, pembeni ameandika 5. Kiasi nacho kimebadilika: ni nusu ya kile cha kwanza. Chini ya picha ameandika kwamba nusu nyingine atamalizia vyumba viwili vya uani apangishe, na kwamba niangalie tena hesabu ya kuponi, maana safari hii amepiga bila miwani.